Simu Inapoangalia Muhogo: Usahihi wa Kwenye Makaratasi na Usahihi wa Shambani

Ndugu maafisa ugani, wazalishaji wa pingili, na vijana wetu wa kompyuta, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie programu za simu zinazotambua magonjwa ya mimea kwa picha. Nitabaki kwenye muhogo, kwa sababu ndilo zao ambalo kazi hii imepimwa kwa uwazi zaidi katika ukanda wetu, na sehemu kubwa ya picha za mwanzo zilipigwa hapa hapa Bagamoyo. Anayelima mahindi au nyanya atafaidika pia, maana makosa ya mashine ni yale yale, majani tu ndiyo yanabadilika.

Nianze na tarakimu mbili. Mwaka 2016, watafiti Mohanty, Hughes na Salathé walichapisha matokeo ya modeli ya kompyuta waliyoifundisha kutambua magonjwa kwa picha 54,306 za majani. Mazao yalikuwa 14, magonjwa 26, na ukichanganya zao na hali yake unapata makundi 38. Walipoijaribu kwa picha ilizokuwa haijaziona, kutoka mkusanyiko ule ule, ilipata asilimia 99.35. Walipoijaribu kwa picha zilizotoka kwingine, zilizopigwa katika mazingira tofauti, ikashuka hadi asilimia 31 hivi. Watafiti wenyewe waliyaandika yote mawili kwenye makala moja, hawakuficha kitu. Lakini kwenye vipeperushi na mawasilisho ya miradi utaikuta ile 99 peke yake.

Tuulize basi: asilimia 68 zilikwenda wapi?

Picha zile zilipigwa hivi. Jani linachumwa, linalazwa juu ya karatasi ya rangi moja, ya kijivu au nyeusi, kisha linapigwa picha. Jani moja, katikati, halina jirani, halina udongo wala mkono wa mtu. Picha za ugonjwa mmoja mara nyingi zilipigwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, kwenye karatasi ile ile na mwanga ule ule. Mashine haijui kwamba tunataka iangalie jani. Inatafuta chochote kinachotenganisha kundi moja na jingine, na kama kivuli cha karatasi kinatosha, itashika kivuli cha karatasi. Mwaka 2022 mtafiti mwingine, Noyan, aliupima udhaifu huo kwa njia rahisi mno: alichukua pikseli 8 tu za mandharinyuma ya kila picha, akatupa jani zima, akafundisha modeli kwa pikseli hizo. Ilipata asilimia 49. Kubahatisha kati ya makundi 38 kungempa chini ya asilimia 3. Yaani karibu nusu ya mtihani unaweza kuufaulu bila kuliona jani.

Vijana wa kompyuta, hilo ndilo jambo la kwanza la kuchunguza mtu anapowaletea modeli yenye usahihi wa kutisha. Uliza picha za mtihani zimetengwaje na picha za kufundishia. Wengi huzichanganya zote kama karata, kisha wanachota asilimia 20 za mtihani. Matokeo yake, vidole viwili vya jani moja la muhogo vinaangukia pande mbili: kimoja darasani, kingine kwenye mtihani. Mmea ule ule, dakika ile ile, kamera ile ile. Utenganishaji wa kweli ni wa shamba kwa shamba, ili shamba lililotoa picha za mtihani lisiwe limetoa hata picha moja ya kufundishia. Ni mistari michache tu:

```python
from sklearn.model_selection import GroupShuffleSplit

gss = GroupShuffleSplit(n_splits=1, test_size=0.2, random_state=7)
train_idx, test_idx = next(gss.split(picha, lebo, groups=shamba))
```

Hapo `shamba` ni orodha inayosema kila picha imetoka shamba gani. Ikiwa aliyekusanya picha hakuandika jina la shamba, huwezi kufanya mtihani wa haki tena, hata ukiwa fundi kiasi gani. Ndiyo maana karatasi ya kumbukumbu ya shambani ina thamani kuliko kompyuta ya bei kubwa.

Sasa tuingie kwenye muhogo wenyewe.

Wanaotoka pwani na kanda ya ziwa wanayajua magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato hujitokeza juu, kwenye majani machanga: mabaka ya kijani na njano yaliyochanganyika, jani linajikunja na kupinda, kidole kimoja kinakuwa kifupi kuliko mwenzake. Michirizi ya kahawia, ambayo mtafiti Storey aliielezea kitaalamu mwaka 1936 akiwa Amani, huko Usambara, ni tofauti kabisa. Inaanzia chini, kwenye majani yaliyokomaa. Unjano wake unafuata mishipa midogo ya jani kama unyoya, na jani halijikunji. Hasara yake kubwa iko ardhini: mizizi inapata mabaka makavu ya kahawia kwa ndani, mkulima anaijua siku ya kuvuna. Yote mawili husambazwa na inzi weupe na, zaidi ya hapo, na sisi wenyewe tunapobeba pingili kutoka shamba la jirani. Ongezea utitiri wa kijani, ambao huacha vidoa vidogo vya njano kwenye majani machanga na kuyafanya yadumae, hata mtu akadhani ni batobato.

Mwaka 2017 kikundi cha Ramcharan na wenzake walifundisha modeli iitwayo Inception v3 kwa picha za muhogo zilizopigwa shambani, siyo kwenye karatasi, katika viwanja vya majaribio vya taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA karibu na Bagamoyo. Kwa picha ambazo modeli haikufundishwa nazo, walipata usahihi wa jumla wa asilimia 93. Hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu nyuma ya majani kulikuwa na udongo, magugu na miguu ya watu.

Ila picha zile bado zilipigwa na watu waliojua wanatafuta nini. Kwa hiyo walirudi shambani wakiwa na modeli nyepesi iliyowekwa ndani ya simu, wakaipima kwenye vidole 720 vya majani vyenye magonjwa, kwa picha na kwa video. Waligawa dalili katika ngazi mbili: zilizokolea na hafifu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Hata kwa dalili zilizokolea, kwa picha za kawaida, kipimo chao kiitwacho F1 kilishuka kwa asilimia 32.

Sababu ya kushuka huko ndiyo naomba muishike vizuri. F1 inaunganisha maswali mawili. La kwanza: mashine ikisema jani lina ugonjwa, husema kweli mara ngapi? La pili: kati ya majani yote yenye ugonjwa, imeyakamata mangapi? Shambani kilichoanguka ni hilo la pili. Mashine ilikuwa inanyamaza. Haikuwa inayaita majani kwa majina ya uongo kwa wingi. Ilikuwa inapita juu ya jani lenye ugonjwa bila kuchora kisanduku chochote cha kuonyesha dalili. Kwa afisa ugani, kosa la kunyamaza ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani. Programu ikisema batobato na wewe unaona jani safi, utashtuka na kuuliza. Isiposema kitu, unasonga mmea unaofuata.

Kwa nini inanyamaza? Ziko sababu kadhaa, nitachukua mbili ambazo ziko mikononi mwetu.

Ya kwanza ni umbali. Simu ya kawaida leo inapiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 hivi. Mnadhani modeli inaiona yote? Hapana. Kabla ya kuingia, picha inapunguzwa hadi mraba mdogo: Inception v3 inapokea pikseli 299 kwa 299, na modeli nyingi za simu ziko karibu na hapo. Ukisimama mbali ukapiga mmea mzima wa mita moja na nusu, kila pikseli inayobaki inabeba milimita 5 za shamba. Kidoa cha utitiri ni kidogo kuliko hapo mara kadhaa. Kinachanganywa na kijani cha jirani yake na kufutika. Mshipa wenye michirizi nao unakuwa ukungu tu. Ukisogea hadi jani moja la sentimita 15 lijaze kioo, kila pikseli inabeba nusu milimita, na sasa kuna kitu cha kuonekana. Hakuna modeli, iwe imeandikwa na nani, inayoweza kurudisha doa lililofutwa kabla ya kuifikia. Kununua simu yenye kamera kali zaidi hakusaidii hapa. Kusogea hatua mbili kunasaidia.

Ya pili ni mwanga. Saa sita mchana jani la muhogo linang'aa, na sehemu inayong'aa inakuwa nyeupe kwenye picha. Njano hafifu ya michirizi inapotea humo. Vivuli vya majani ya juu vinaanguka juu ya jani la chini na kuchora mabaka ambayo mashine inaweza kuyasoma kama batobato. Tena kamera yenyewe inarekebisha rangi bila kukuuliza, hasa kioo kikijaa kijani kitupu. Dawa yake ni ndogo: simama upande wa jua ili kivuli chako kifunike jani zima, siyo nusu yake, futa lenzi kwa kitambaa, maana simu ya mfukoni shambani ina mafuta na vumbi, gusa kioo juu ya jani na usubiri lisimame wazi kabla ya kupiga. Jani lenye umande lipanguse kwanza. Na kama picha itatumwa kwa mtaalamu, usiitume kama picha ya WhatsApp ya kawaida, kwa sababu inabanwa na maelezo yake madogo yanapotea. Itume kama faili.

Mpaka hapo nimezungumzia makosa ambayo mkono mzuri unaweza kuyapunguza. Liko jingine ambalo mkono hauna uwezo nalo.

Kamera inaona dalili, haioni virusi. Mmea unaweza kuwa na virusi vya michirizi ya kahawia na majani yasiseme kitu. Majani ya chini, ambayo ndiyo yenye ushahidi, hunyauka na kuanguka mmea unapozeeka au ukame unapoingia, na mmea ule ule uliokuwa na dalili wazi unabaki na kichwa cha majani mapya yasiyo na doa. Mbegu nazo zinatofautiana: Kiroba inajulikana kwa uvumilivu, ambapo majani yanaonyesha dalili lakini mizizi inaumia kidogo, na ziko nyingine ambazo majani yanadanganya kinyume chake, juu kuzuri na chini kumeharibika. Kwa michirizi ya kahawia, basi, picha ya jani ni ushahidi wa pembeni. Ushahidi kamili ni kisu kwenye mzizi au kipimo cha maabara kinachotafuta virusi vyenyewe.

Upande wa pili wa jambo hilo ni jani lenye kasoro isiyo ugonjwa. Upungufu wa zinki unaleta njano kati ya mishipa ya majani machanga. Jani la chini linalozeeka tu linageuka njano kwa kawaida yake. Modeli iliyofundishwa makundi matano itachagua moja kati ya hayo matano, hata ukiielekezea kandambili, isipokuwa walioitengeneza wameipa ruhusa ya kusema "sijui". Na ile asilimia inayotokea kwenye kioo, tuseme 97, haina maana kwamba mashine inakosea mara 3 tu kati ya 100. Ni alama ambazo modeli imegawa kati ya makundi inayoyajua ili jumla iwe 100. Nimeona watu wanaisoma kama matokeo ya maabara, na wabunifu wa programu wana lawama hapo. Kuweka tarakimu ile bila maelezo ni kumpotosha mtumiaji.

Sasa swali ambalo nadhani wengi mnalo: kama ni hivyo, je, tuitupe? Tuangalie ushahidi kabla ya kutupa.

Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na FAO, IITA na wengine, inafanya kazi bila intaneti. Mwaka 2020 Mrisho na wenzake walichapisha matokeo ya kuilinganisha na watu hapa Afrika Mashariki. Nuru ilipata asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58. Wakulima walipata kati ya 18 na 31. Tarakimu 65 ikisimama peke yake inaonekana ya aibu, hasa kwa mtu aliyesikia 99. Ikisimama karibu na sisi wenyewe, inabadilika sura. Swali la shambani halijawahi kuwa mashine dhidi ya ukamilifu. Ni mashine dhidi ya bwana shamba mmoja mwenye pikipiki na vijiji vingi.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti huo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo. Walipoacha kutegemea jani moja na kukagua majani sita kwa kila mmea, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Modeli ni ile ile. Simu ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuitumia.

Tuone kwa nini, maana hesabu yake inafundisha pia pa kuwa mwangalifu. Chukua mfano wa kubuni: mmea mgonjwa, na kila jani lake mashine inalikamata kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Jani moja, unaukosa mmea nusu ya mara. Majani sita yangekuwa huru kila moja kivyake, nafasi ya kuyakosa yote ni nusu iliyozidishwa na yenyewe mara sita, kama asilimia 1.6. Shambani huvuni faida hiyo yote, kwa sababu majani ya mmea mmoja hayako huru: mbegu moja, mwanga mmoja, mpigaji mmoja. Jani la kwanza likikwama kwa sababu ya jua la mchana, la pili litakwama hapo hapo. Ndiyo maana sita yasitoke sehemu moja. Chagua ya juu kwa ajili ya batobato na utitiri, ya katikati, na ya chini yaliyokomaa kwa ajili ya michirizi. Mtu anayepiga majani sita ya juu kwa sababu ndiyo yako usawa wa macho amejinyima michirizi yote ya kahawia. Kuinama ni sehemu ya kipimo.

Na tahadhari: kengele za uongo nazo zinajumlishana. Ikiwa jani zima lina nafasi ya asilimia 5 ya kusingiziwa, ukiweka kanuni kwamba jani lolote moja likitajwa basi mmea ni mgonjwa, mmea mzima wenye afya utasingiziwa zaidi ya mara 26 kati ya 100. Lazima mradi uamue mapema: jani moja linatosha, au yanatakiwa mawili? Jibu linategemea unafanya nini na matokeo, na hapo ndipo tunafika kwenye shamba la pingili.

Nifanye hesabu moja pole pole, kwa mashine ya kubuni. Tuseme inakamata mimea 80 kati ya 100 yenye ugonjwa, na inaisafisha kwa haki mimea 90 kati ya 100 yenye afya. Ipeleke kwenye shamba la chakula ambapo mimea 600 kati ya 1,000 inaumwa. Itataja wagonjwa 480 wa kweli na kuwasingizia 40. Ikikuambia "huu unaumwa", iamini: ni kweli mara 92 kati ya 100. Lakini ikisema "huu mzima", usiwe na haraka, kwa sababu kati ya mimea 480 iliyoisafisha, 120 inaumwa. Robo nzima.

Sasa mashine hiyo hiyo, bila kubadilishwa hata chembe, ipeleke kwenye shamba la pingili ambapo wagonjwa ni 50 tu kati ya 1,000. Itakamata 40. Katika 950 wazima itasingizia 95. Kwa hiyo mimea iliyotajwa ni 135, na wagonjwa wa kweli ni 40: chini ya theluthi. Ukimwambia mzalishaji ang'oe yote, atang'oa mimea 95 mizima na hatakupa salamu tena. Waliosafishwa ni 865, na humo wamejificha 10. Inaonekana ndogo. Lakini ekari moja kwa nafasi ya mita moja kwa moja ina mimea 4,000 hivi, kwa hiyo waliojificha wanakuwa 40, na mmea mmoja ukitoa pingili 10, unapeleka kwa wakulima pingili 400 zenye ugonjwa, zikiwa na cheti cha simu kwamba ni safi.

Kwa shamba la chakula, ambako mkulima anataka kujua tu nini kinamsumbua na abadilishe mbegu msimu ujao, simu inatosha mara nyingi. Kwa shamba la pingili, simu iwe ya kuchuja tu: inayotajwa ikaguliwe na jicho la mtaalamu kabla ya kung'olewa, na shamba lote bado lipitiwe na mkaguzi wa mbegu na sampuli za maabara. Sikubaliani kabisa na wanaotaka kuruka hatua hiyo kwa kuokoa gharama.

Jambo la mwisho ni namna ya kuipima programu kwenu wenyewe kabla ya kuwapa wakulima, kwa sababu mbegu zenu, udongo wenu na simu zenu siyo za Bagamoyo.

Chagueni mashamba matano yenye mbegu tofauti, mimea ikiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita, wakati majani ya chini bado yapo. Kila shamba, pitieni mimea 30 kwa kufuata mistari miwili ya kukatana kama herufi X, ili msiishie kwenye kingo karibu na njia. Mtaalamu aukague mmea kwanza, aandike jibu lake kwenye karatasi na kuifunika. Ndipo mwenye simu apige majani sita. Msimruhusu mtaalamu aone kioo kabla hajaandika, kwani atakayeona kisanduku chekundu atagundua dalili ambayo asingeigundua. Andikeni mbegu, umri, saa, aina ya simu, na jani limetoka juu, katikati au chini. Mkiweza, chukueni majani ya baadhi ya mimea kwa maabara, hasa ile ambayo mtaalamu na simu wamepingana.

Mkirudi, msihesabu usahihi wa jumla. Katika mashindano ya modeli kwenye tovuti ya Kaggle, ya picha za muhogo zilizokusanywa Uganda kwa uratibu wa Makerere, picha 13,158 kati ya 21,397 zilikuwa za batobato. Programu inayojibu "batobato" kwa kila picha, macho imefumba, ingepata zaidi ya asilimia 61 hapo, na isingekamata mmea wa michirizi hata mmoja. Hesabuni kila ugonjwa peke yake: wagonjwa wa batobato wangapi, simu imekamata wangapi; wa michirizi wangapi, imekamata wangapi; wazima wangapi, imewasingizia wangapi. Tenganisheni pia dalili hafifu na zilizokolea.

Na msijivunie sampuli ndogo. Mkikuta mimea 30 yenye michirizi na simu ikakamata 24, hiyo ni asilimia 80, lakini kwa idadi hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 63 na 90. Inatosha kuwaambia kama programu ni mbovu kabisa au ina manufaa. Haitoshi kulinganisha programu mbili zinazopishana kwa asilimia 5. Rudieni msimu wa kiangazi pia, maana modeli iliyofaulu mwezi wa nne inaweza kuanguka mwezi wa tisa, majani yakiwa machache na yamejaa vumbi.

Karatasi ya kumbukumbu nimeiacha mezani pale mlangoni. Ina safu ya mbegu, ya umri, ya nafasi ya jani, na safu mbili za majibu: ya mtaalamu upande wa kushoto, ya simu upande wa kulia, na mstari wa kukunjia katikati ili ya kwanza ifunikwe. Chukueni nakala za kutosha mashamba matano, kisha tupokee maswali.